Kozi ya mtandaoni inapokwama mahali palepale: namna ya kuimaliza bila mwalimu

Swali: Nasoma kozi ya uchambuzi wa data kwa njia ya mtandao. Ina moduli 10, na maelezo yake yanasema ni ya saa 40. Nafanya kazi mchana, hivyo nasoma usiku mara nne kwa wiki, saa moja na nusu kila mara. Moduli ya tatu peke yake ilinichukua saa 7. Nimeanza kozi hii mara mbili na mara zote nimeishia moduli ya nne, kisha wiki zinapita, nikirudi nimesahau na naanza upya. Hakuna mwalimu wala tarehe ya mwisho. Nifanyeje nimalize?

Jibu: Ndugu msomaji, kabla ya kugusa ratiba, naomba uitazame vizuri hiyo moduli ya nne. Mtu ambaye tatizo lake ni uzembe tu huacha popote, safari hii moduli ya pili, safari nyingine ya sita. Anayekwama mara mbili mahali pamoja mara nyingi amefika pale ambapo aina ya kazi inabadilika. Katika kozi nyingi za uchambuzi wa data, moduli za mwanzo humtaka mwanafunzi atazame video na kurudia hatua zilezile kwenye faili lilelile. Baadaye, bila taarifa, anatakiwa kuunganisha majedwali mawili asiyoyafahamu na kuamua mwenyewe ni safu ipi inayoyaunganisha. Uzito anaousikia hapo huuita uvivu, kumbe ni pengo la ujuzi ambalo darasani mwalimu angeligundua kwa kupita tu na kutupia jicho daftari lake.

Pengo hilo linaweza kupimwa kwa jioni moja. Chukua zoezi la mwisho la moduli ya tatu, tafuta faili la data ambalo kozi haikulitumia, kisha fanya kazi ileile bila kufungua video. Ukimaliza kwa kusitasita hapa na pale, uko tayari kwa moduli ya nne na shida yako kweli ni ya mpangilio. Ukishindwa kuanza, au ukifika katikati na hujui kwa nini hatua fulani inafuata nyingine, basi moduli ya tatu uliitazama lakini hukuifanya, na hakuna ratiba itakayokuvusha mpaka uifanye.

Jaribio hilohilo ndilo litakalochukua nafasi ya tabia yako ya kuanza upya, ambayo kwa maoni yangu ndiyo inayokugharimu zaidi. Kurudia moduli tatu kunakula wiki kadhaa za usiku wako, na faida yake ni ndogo kuliko inavyoonekana, kwa sababu video uliyokwisha kuiona huteleza kirahisi machoni na kukupa hisia ya kujua. Watafiti Roediger na Karpicke walilionyesha hili mwaka 2006 kwa wanafunzi waliosoma vifungu vifupi: waliorudia kusoma walifanya vizuri zaidi walipopimwa baada ya dakika 5, lakini baada ya wiki moja walioongoza ni wale ambao, badala ya kurudia kusoma, walijaribu kuandika walichokumbuka. Kwa hiyo, ukirudi baada ya kupotea, funga kila kitu, chukua karatasi tupu, na kwa dakika 15 andika hatua zote unazozikumbuka za moduli uliyoishia. Kisha jaribu zoezi lake. Fungua video pale tu ulipokwama, tazama kipande hicho, uifunge, uendelee. Kurejea kwa namna hii huchukua jioni moja au mbili, na kunaondoa ule woga wa kufungua kozi uliyoitelekeza, ambao kila siku inayopita huufanya mkubwa zaidi.

Sasa tuje kwenye muda. Saa 40 za kwenye maelezo ni saa 4 kwa kila moduli, lakini wewe tayari una kipimo chako halisi, saa 7. Kitumie hicho. Watu hukadiria muda wa kazi zao kwa kuwaza jinsi mambo yatakavyokwenda, si kwa kuangalia yalivyokwenda. Katika utafiti wa Buehler na wenzake wa mwaka 1994, wanafunzi waliokuwa wakiandika tasnifu walikadiria kumaliza kwa wastani wa siku 34 hivi, na ikawachukua takribani 55. Moduli saba ulizobakiza, kwa saa 7 kila moja, ni saa 49. Vipindi vyako vinne vya usiku vinafika saa 6 kwa wiki, ila mimi ningehesabu vitatu tu, yaani saa 4 na nusu, kwa kuwa usiku mmoja kati ya minne utachukuliwa na kazi, wageni au uchovu hata kama hujui ni upi. Saa 49 ukizigawa kwa 4.5 unapata wiki 11. Kisha weka wiki tupu baada ya kila wiki nne za kusoma, wiki isiyo na somo jipya, ambayo kazi yake ni kumeza yaliyochelewa. Kwa mpango huo wiki ya 5 na ya 10 zitakuwa tupu, na utamaliza mwishoni mwa wiki ya 13.

Wiki 13 huwakatisha wengi tamaa, na hapo ndipo hujipangia wiki 6 kwa kujidanganya. Mpango wa wiki 6 hufa wiki ya pili, kwa sababu usiku mmoja ukikosekana hauna pa kufidiwa na mwanafunzi hujiona ameshashindwa. Mpango mrefu wenye nafasi ndani yake una faida nyingine ambayo naithamini zaidi: unakuwezesha kujua kama umechelewa. Kwa hesabu hii, mwisho wa wiki ya 4 unapaswa kuwa umemaliza moduli ya nne na ya tano na umeivuka nusu ya moduli ya sita. Mwisho wa wiki ya 9 uwe umemaliza ya nane. Andika tarehe hizo mbili kwenye kalenda. Ukifika ya kwanza na bado uko ndani ya moduli ya tano, umechelewa kiasi ambacho wiki tupu inaweza kukifidia kwa sehemu kubwa. Ukiwa hujamaliza hata ya nne, kipimo chako cha saa 7 kimepitwa na wakati. Pima upya na usogeze tarehe ya mwisho, badala ya kuahidi kwamba utakimbia zaidi.

Usitegemee asilimia inayoonyeshwa na jukwaa la kozi. Mara nyingi hupanda kwa video uliyoifungua, hata kama ulikuwa unajibu ujumbe wa simu wakati inacheza. Tengeneza lahajedwali lako lenye safu nne: tarehe, moduli, dakika ulizosoma, na kitu ulichokitoa, yaani jedwali, chati au jibu la zoezi. Safu ya nne ndiyo ya kuangaliwa. Vipindi vitatu mfululizo vyenye dakika lakini visivyo na kitu katika safu hiyo vinamaanisha kwamba umegeuka mtazamaji.

Kuna jambo moja ambalo lahajedwali haliwezi kulifanya, nalo ni kuwa na macho ya mtu mwingine. Tarehe unazojiwekea mwenyewe husaidia, lakini zina udhaifu. Ariely na Wertenbroch, katika utafiti waliouchapisha mwaka 2002, waliwaacha wanafunzi wa darasa moja wajichagulie tarehe za kuwasilisha insha tatu, huku darasa jingine likipangiwa tarehe zilizoachana sawasawa. Kwa madarasa yote mawili, kuchelewa kulipunguza alama. Waliopangiwa walipata alama bora, kwa kuwa wengi wa waliojichagulia hawakuzitawanya tarehe zao vizuri. Kwako hakuna wa kupunguza alama, hivyo lazima tarehe ifungwe kwa mtu.

Mtafute mtu mmoja, si kundi, kwa sababu katika kundi kila mtu hudhani mwingine ataulizia. Si lazima ajue uchambuzi wa data. Mwombe jambo dogo lenye mpaka: kila Jumapili saa 2 usiku atapokea kutoka kwako faili moja na sentensi tatu, ulichofanya, ulipokwama na kitakachofuata, asipopata, atakuandikia neno moja tu, «sijapokea». Asikuhubirie wala asikuulize unaendeleaje, maana swali hilo hujibiwa «vizuri» na mambo yakaishia hapo. Wapo wanaoweka faini ya fedha. Mimi siipendi, kwa kuwa aliyechelewa huanza kumkwepa shahidi wake, na kinachotakiwa ni kinyume chake: siku ambayo huna kitu, tuma sentensi tatu bila faili.

Kuhusu kipindi chenyewe cha usiku, nitashauri kitu kimoja tu, kwa sababu ndicho kinachookoa dakika nyingi. Dakika tano za mwisho usisome. Andika hatua inayofuata kwa undani wa kuweza kuifanya bila kufikiri, kwa mfano: «Fungua faili la mauzo, safu ya tarehe inasomeka kama maandishi, igeuze iwe tarehe, kisha jumlisha mauzo kwa mwezi.» Maelezo kama «endelea na moduli ya nne» hayatoshi, kwa kuwa mtu aliyechoka atatumia nusu saa kutafuta alipoishia, kisha atazima kompyuta. Ikiwezekana acha zoezi katikati, mahali unapojua jibu lake. Kesho yake utaanza na jambo unaloliweza.

Ikitokea kwamba moduli ya nne inakula saa 12 au zaidi na makosa yako yanarudi kwenye hatua ileile, usiendelee kusukuma. Tumia wiki tupu mapema, tafuta maelezo ya hatua hiyo moja kutoka chanzo kingine tofauti na kozi yako, na ufanye mazoezi yake mafupi mpaka uweze kuieleza kwa maandishi. Pia ni halali kuamua kwamba moduli fulani huihitaji, mradi cheti hakiidai na uamuzi huo uufanye siku ya kupanga, ukiwa umetulia, si saa 4 usiku ukiwa umekwama. Kwa sasa lahajedwali na shahidi vinaweza kusubiri siku chache. Kesho usiku fanya lile zoezi la moduli ya tatu kwa faili jipya, kisha matokeo yake ndiyo yaamue kama wiki ya kwanza ya hizo 13 inaanza Jumatatu hii au inayofuata.