Fito au vitu? Kuisoma barua ya mzee iliyoandikwa kwa khati za Kiarabu

Barua nyingi za wazee wetu wa Lamu za miaka mia iliyopita ni za Kiswahili, ila zimeandikwa kwa herufi za Kiarabu. Basi mwenye kujua Kiarabu huzisoma asizielewe, na mwenye kujua Kiswahili huziangalia asijue pa kuanzia. Miye nilipitia chuo cha Kurani utotoni kama watoto wengi wa Amu, ndiyo Lamu yenyewe, herufi nazijua, na binamu yangu wa Malindi alipokuta barua ya baba yake babu yetu ndani ya kasha la marehemu nyanya, kazi ikaniangukia mimi. Tangu hapo nimeletewa nyingine na majirani. Nitaieleza ile ya kwetu, maana matatizo ya barua hizi karibu yote yamo ndani ya sentensi zake mbili.

Kwanza picha. Binamu alinitumia kwa WhatsApp kama tunavyotuma picha za harusi, na nukta nyingi zikapotea njiani. Kwa khati za Kiarabu nukta ndiyo kila kitu: be, te, the, nuni na ye zikiwa mwanzoni au katikati ya neno umbo lao ni moja, hutenganishwa na nukta tu. Mwambie anayekutumia aitume kama dokumenti, isibanwe. Apige karibu na dirisha mchana, bila taa ya simu, na simu iwe sambamba na karatasi. Ikiwa wino wa upande wa pili unaonekana, aweke karatasi nyeusi chini ya barua; maandishi ya nyuma yatafifia. Halafu apige na pambizo zote pamoja na mgongo wa karatasi. Wazee karatasi ikiwaishia waliigeuza wakaendelea pembeni, na aghalabu huko pembeni ndiko kuliko maneno yenyewe baada ya salamu ndefu za mwanzo. Ukiweza, omba picha ya pili mwanga ukitoka upande mmoja: doa la inzi na nukta ya kalamu hapo hutofautiana, kwa sababu kalamu huacha mbonyeo kwenye karatasi na inzi haachi.

Pili tarehe, kwa sababu itakusaidia mbele. Barua yetu ilisema Ijumaa, 12 Rajab, na mwaka ambao mimi niliuona 1343 na binamu akauona 1342. Kwa mkono wa kalamu, tatu ya Kiarabu mara nyingi hufanana na mbili ya kitabuni, kwa hivyo kubishana juu ya umbo hakumalizi neno. Siku ya wiki ndiyo humaliza. Tarehe 12 Rajab 1342 iliangukia Jumatatu, 18 Februari 1924. Tarehe 12 Rajab 1343 iliangukia Ijumaa, 6 Februari 1925. Mwandamo wa mwezi unaweza kusogeza siku moja mbele au nyuma, lakini hauwezi kuigeuza Jumatatu ikawa Ijumaa. Basi ni 1925, mwezi wa Februari, kaskazi bado inavuma. Hiyo kaskazi iweke akilini.

Sasa sentensi zenyewe. Ukizisoma herufi kwa herufi, kama mtoto wa chuoni asomavyo bila kufikiri maana, zatoka hivi (jina la nakhodha nimeliondoa):

Nimikuitia buriti kurija tanu na fitu kurija kumi katika shubu sha nakhudha fulani. Thamani yaki uwiki hata baada ya mwaka.

Huo mstari usiusahihishe. Uandike kama ulivyo, kisha uujue udhaifu wa herufi. Kiarabu kina irabu tatu, Kiswahili kina tano, kwa hivyo alama moja ya kasra yabeba i na e, na alama moja ya dhuma yabeba u na o. Konsonanti nazo hazitoshi. Be yaweza kuwa b, p au mb. Fe ni f au v. Shini ni sh au ch. Ghaini ni g, gh, ng au ng'. Tena n iliyo mbele ya d au j mara nyingi haiandikwi kabisa. Ukiona "dugu", mzee amekusudia ndugu. Waandishi wengine waliongeza nukta kwa p na ch, lakini usitegemee barua ya nyumbani kuwa na nukta hizo.

Kwa kanuni hizo, "shubu" yaweza kusomwa kwa njia kadhaa, na ni nakhodha aliyefuata ndiye anayetuambia kuwa ni chombo, yaani jahazi. Hilo halikutusumbua. "Fitu" ndilo lililotugombanisha. Binamu alisema ni vitu: boriti korija tano, na vitu korija kumi. Kwa herufi peke yake ana haki, maana fe ni v, na u ni u. Lakini aliyeandika ni Mwamu, na Mwamu wa zama zile hasemi vitu, asema zitu. Wala huo si uzushi wangu. Mistari michache chini yake, katika barua hiyo hiyo, mzee ameandika "zubu" kwa zai iliyo wazi kabisa, yaani zombo, ambayo kwa sanifu ni vyombo. Mtu aliyeandika zombo hawezi kuandika vitu. Kwa hivyo u tuigeuze o, tupate fito.

Na fito ndiyo inayokaa vizuri pale. Mikoko ya Lamu ikikatwa hupangwa kwa unene: fito ni nyembamba kabisa, juu yake pau, halafu boriti, halafu nguzo. Boriti hushika dari la nyumba ya mawe, na urefu wake ndio unaofanya vyumba vya mji wa Amu viwe vyembamba. Fito huenda kwenye kuta za udongo na mapaa ya makuti. Biashara hiyo ilihesabiwa kwa korija, nayo korija moja ni 20. Kwa hivyo mzee alipakia boriti 100 na fito 200. Kijana wa leo akisoma "korija" huenda akadhani ni aina ya mti, kwa sababu hesabu hiyo haisikiki sana nje ya biashara hiyo.

Turudi kwenye neno la kwanza, "nimikuitia". Msomaji wa haraka huandika "nimekuitia", na sentensi ikaharibika: nani anaitiwa boriti? Hapa pia lahaja ndiyo inayofungua. Kiamu hudondosha l katika leta, huwa eta. Ukizibadilisha kasra tatu ziwe e, wapata nimekuetea, yaani nimekuletea. Hapo tena ngojea kidogo, kwa sababu mzee hakwenda na mzigo. Amekaa Lamu, chombo ndicho kilichokwenda. Katika barua za zamani kuleta humaanisha pia kutuma, na ukiliacha "nimekuletea" katika tafsiri, wajukuu watadhani babu alisafiri na mzigo wake. Mimi niliandika "nimekutumia".

Neno lililotufundisha zaidi ni la mwisho, mwaka, na hilo halina shida ya herufi hata kidogo. Kila mtu alilisoma sawa, na kila mtu akalielewa vibaya: weka fedha mpaka baada ya miezi kumi na miwili. Shangazi mmoja akafika hata kumsifu mzee kwa kuwa mpole kwa wadeni. Ila kwa watu wa pwani ya kaskazini mwaka pia ni mvua kubwa, ile wanayoiita wengine masika; mpaka leo utasikia mvua ya mwaka. Na "hata" ya zamani ni mpaka. Sasa ile kaskazi ya Februari inatufaa. Chombo kimetoka Lamu na kaskazi kikashuka kusini kwa yule ndugu aliyeandikiwa barua. Fedha haziwezi kupanda kuja Lamu mpaka upepo wa kusi uingie, na kusi huingia pamoja na mvua ya mwaka, bahari ikichafuka na vyombo vingi vikipumzika. Baada ya mwaka, bahari ikitulia na kusi ikiwa bado ipo, chombo hurudi na amana. Mzee alitaka fedha zake katikati ya 1925, hakusubiri 1926. Ukitafsiri "baada ya mwaka mmoja" umempa mkopo ambao hakuutoa.

Ukikwama kwa neno la namna hiyo, kamusi za kisasa hazitakusaidia sana. Ya Krapf ya 1882 na ya Sacleux ya 1939 zina maneno yaliyokwisha kufa. Ya Sacleux imeandikwa kwa Kifaransa, lakini huonyesha neno ni la lahaja gani, na hilo pekee lafaa. Hata hivyo, kabla ya kamusi, nenda kwa mzee. Usimpe simu aangalie picha, macho yatamchosha. Msomee kwa sauti mstari ulivyousoma kwa Kiamu. Sikio lake litashika neno ambalo jicho lako limelipita mara nyingi.

Mwisho wa barua una mitego midogo. Chini palikuwa na "katabahu al-haqir" kisha jina, na katika familia yetu tayari kulikuwa na mtu aliyetafuta ukoo wa Al-Haqir. Maana yake ni "ameiandika mnyonge", unyenyekevu wa kila mwandishi wa zama zile. Juu yake mzee asema watu wa nyumbani wanakusalimu. Hao watu ni mkewe, ambaye hakumtaja kwa jina kwa heshima. Bei nazo amezitaja kwa rupia, ingawa shilingi ilikuwa imekwisha kuingia. Rupia ilipobadilishwa ilihesabiwa shilingi 2, nasi tumeiacha rupia kama ilivyo, tukaeleza pembeni.

Unapowapa watu wako, wape mistari mitatu, si mmoja: wa herufi, wa Kiamu, na wa sanifu. Herufi uliyoikisia itie ndani ya mabano, na neno unalolishuku litie alama ya kuuliza, ili atakayekuja na picha bora ajue pa kuangalia. Na kabla hujaituma kwenye kundi la familia, isome yote, pamoja na pambizo. Ya kwetu ilikuwa na mistari pembeni juu ya shamba na nani alikuwa hajalipa. Hiyo tuliwasomea wazee wanne kwanza, barazani, bila simu.