Taa wote wanazitaka, mchango hautoki

"Mtaa wetu una nyumba 20. Kila mtu anataka taa za barabarani, lakini mchango ukipita wengi wanakwepa. Tufanyeje?"

Ndugu, usiwaite wabahili kwanza. Piga hesabu yao. Tuseme taa zinagharimu 600, na kila nyumba inaona faida ya 50. Jumla ya faida ni 1,000, kwa hiyo zinafaa kabisa, na fungu la kila nyumba ni 30. Lakini mwanga hauchagui: asiyechanga naye anaangaziwa, bila kumpunguzia jirani chochote. Basi kila mmoja anangoja mwenzake alipe, na giza linabaki.

Jaribuni ahadi yenye sharti: kila nyumba iweke 30 kwa mtunza hazina, na 600 isipotimia kufikia tarehe fulani, zote zirudishwe. Hapo hofu ya kuchanga bure inaisha. Na kwa kuwa lazima wote 20 watoe, anayekwepa anajinyima taa mwenyewe. Mkishusha lengo liwe nyumba 15, kila moja ikitoa 40, ukwepaji utarudi mara moja.

Ugumu hasa ni bili ya umeme ya kila mwezi, maana taa zikishawaka sharti halina nguvu tena. Hiyo iunganisheni na ada ya huduma inayoweza kukatwa, kama uzoaji taka.