Kwa mhasibu msaidizi anayetaka kupanda: anza na siku za kufunga mwezi

"Wakuu, mimi ni mhasibu msaidizi, mwaka wa nne sasa. Kila Januari naandika nataka kukua kikazi, Desemba ikifika sina cha kuonyesha. Malengo ya kazi kama yetu mnayapimaje?"

Mkuu, mimi nilianzia kwenye tangazo la kazi ninayoitaka. Nilichukua tangazo la mhasibu mwandamizi, nikapitia kila sifa nikijiuliza ningemwonyesha nini bosi akitaka ushahidi. Sifa iliyonikamata ni "awe na uwezo wa kufunga hesabu za mwezi kwa wakati". Hiyo inapimika kila mwezi, tena ni kazi ambayo tayari ipo mikononi mwako. Nikaandika: kufikia mwisho wa mwaka, hesabu za mwezi zifungwe kabla ya tarehe 8 ya mwezi unaofuata. Wakati huo tulikuwa tunavuka tarehe 15, na ritani ya VAT inatakiwa TRA kabla ya tarehe 20 kuisha, kwa hiyo kila mwezi tulikuwa tunakimbizana.

Kabla ya kujipangia hatua, pima ulipo. Robo nzima ya kwanza sikubadilisha chochote. Niliweka jedwali la Ekseli lenye tarehe nne tu kwa kila mwezi: siku ankara ya mwisho ya msambazaji iliponifikia, siku marejesho ya masurufu yalipokamilika, siku usuluhisho wa benki ulipokubali, na siku ripoti ilipotoka kwangu. Jedwali lilionyesha jambo ambalo nisingelijua kwa kukisia. Benki ilikuwa inakubali mapema kabisa. Kilichokuwa kinatukwamisha ni masurufu: watu wa matawi wanachukua fedha za safari, wanarudi, stakabadhi zinakaa kwenye droo mpaka uwapigie simu. Ningeandika lengo la "kuongeza kasi", ningekesha ofisini bure, maana muda haukuwa unapotelea kwenye meza yangu.

Basi hatua ya robo ya pili ikawa kitu kimoja: masurufu yote yarejeshwe kabla ya tarehe 28, na asiyerejesha asipewe mengine. Hilo halikuwa ndani ya mamlaka yangu. Nilimpelekea mkuu wa idara lile jedwali, akasaini waraka kwenda matawini. Uzuri wa kuwa na takwimu ni huo: unaomba jambo moja dogo, na sababu yake iko mezani. Robo ya tatu tukahamia kwenye ankara zinazochelewa. Tukawa tunaweka makadirio ya gharama pale ambapo mzigo umeshapokelewa lakini ankara haijafika.

Hapa kuna mtego. Ukipima kasi peke yake, ni rahisi sana kufunga tarehe 8 kwa kusukuma matatizo mwezi ujao. Kwa hiyo weka kipimo cha pili cha kukichunga cha kwanza: idadi ya marekebisho yanayoingizwa baada ya mwezi kufungwa. Siku zikipungua huku marekebisho yakiongezeka, bado hujafika popote, hata kama tarehe inapendeza. Dalili nyingine ni akaunti ya muda, ile tunayotupia miamala isiyoeleweka. Salio lake likivimba kila mwezi, kuna kitu kinafichwa humo.

Tathmini ya mwaka usiifanye Desemba. Kama mwaka wenu wa hesabu unaishia tarehe 31 Desemba, kipindi hicho huna kichwa cha kutathmini chochote. Mimi naifanya wakaguzi wa nje wakishaondoka, kwa sababu wanaacha barua kwa menejimenti yenye hoja zao. Naweka barua ya mwaka huu kando ya ya mwaka jana, natafuta hoja zinazogusa eneo langu: zipi zimefungwa, zipi zimejirudia, zipi ni mpya. Hapo anayekupima ni mtu wa nje ambaye hana sababu ya kukupendelea. Kisha nakaa na mkuu wangu, na kila lengo tunaliamulia moja kati ya matatu: linaendelea, linabadilishwa, au linafutwa. La kufutwa liandikwe na sababu yake, la sivyo litarudi Januari likiwa na jina jingine.

CPA ipange vivyo hivyo, ila tenganisha matokeo na kazi. Mitihani ya NBAA ni Mei na Novemba, na kufaulu hakuko mikononi mwako moja kwa moja. Kilicho mikononi mwako ni mitihani ya nyuma uliyoimaliza kwa muda uleule wa chumba cha mtihani, ukaisahihisha. Hiyo ndiyo ya kuhesabu kila wiki.

Kupandishwa cheo nako usikuandike kama lengo. Nafasi inaweza isiwepo mwaka huo, na lengo linalosubiri mtu mwingine astaafu halikuambii ufanye nini Jumatatu.

Mwezi huu funga kama kawaida yenu, ila andika zile tarehe nne. Ukipata miezi mitatu weka jedwali hapa tulitazame pamoja, bila majina ya kampuni wala kiasi cha fedha.