Usisubiri siku ya mwisho kuwaambia wateja, yalishanikuta

> Afisa anayehudumia wateja wetu wakubwa anaacha kazi, notisi inaisha tarehe 30. Bosi anataka wateja waambiwe siku ya mwisho ili asiondoke nao. Naomba mfano wa barua ya kumtambulisha mrithi wake, na je, isainiwe na nani?

Simamisha hiyo barua. Sisi tulishauriwa hivyohivyo, tena na mtu tuliyemlipa. "Mteja akijua mapema, mmempoteza," alituambia. Nikimkumbuka hasira zinanipanda hadi leo, maana hakuwahi kukaa na mteja hata siku moja.

Sisi ni mawakala wa forodha, Dar. Kijana wetu alikuwa na wateja 11, mmojawapo mama mwenye duka la vigae Kariakoo. Barua ilitoka Ijumaa jioni, nzuri kabisa, yenye nembo, jina la mrithi na namba yake. Kijana alikuwa ameshakabidhi kila kitu na kuaga. Jumatatu meli ikaanza kushusha kontena 3 za yule mama.

Kumbe kijana alimwahidi mama kwa mdomo kwamba kampuni itatanguliza gharama za bandari na za kampuni ya meli, naye atarudisha ndani ya siku 14. Uhasibu waliona fedha zikitoka kwa maombi ya kijana, lakini hapakuwa na karatasi inayoeleza makubaliano. Mrithi akafuata mkataba: mteja analipa kwanza. Akamtumia mama ankara. Mama akaiona, akadhani imekosewa, akaandika kuulizia kwenye wasapu ya yule kijana, namba aliyoizoea. Sisi tukasubiri malipo, yeye akasubiri mzigo. Siku za bure za mzigo kukaa bandarini zikaisha, storeji ya bandari ikaanza kuhesabu, na demareji, tozo ya kampuni ya meli kwa kuchelewesha kontena zake, nayo ikahesabu yake, kwa kila kontena, kila siku.

Siku ya 9 akanipigia mimi.

"Mwanangu, mzigo wangu uko wapi?"

"Mama, tunasubiri malipo yako."

Akanyamaza kidogo. "Malipo gani? Kwani hamkuambiana?"

Storeji na demareji tulilipa sisi. Mama akachukua vigae vyake, akahamia kwa wakala mwingine, na majirani zake wawili wa Kariakoo wakamfuata. Yule kijana tuliyemwogopa hakuondoka na mteja hata mmoja. Alikwenda kufanya kazi benki!

Kwa hiyo nakuomba, mteja aisikie habari kwa mdomo wa anayeondoka, mrithi akiwa amekaa hapohapo, na anayeondoka awe bado na wiki 2 za kazi. Muda upo, maana kwa mwajiriwa wa mshahara wa mwezi sheria ya ajira ya 2004 inataka notisi isiyopungua siku 28. Na kama bosi anaogopa namba ya kijana, mwambie mteja anayo tayari kwenye simu yake. Kuficha tarehe hakuifuti.

Kabla ya kwenda kwa mteja, wakalishe wawili hao siku nzima wapitie mteja mmoja mmoja. Mkataba mrithi atausoma mwenyewe. Muulize anayeondoka: "Huyu unamfanyia nini ambacho hakijaandikwa?" Hapo ndipo utasikia mambo ya mkopo wa siku 14, ya mzee anayetaka kupigiwa baada ya saa 4 tu, ya bei aliyopunguziwa mtu tangu zamani. Ahadi ambayo bosi hawezi kuiendeleza aiamue siku hiyo, ili mteja aambiwe uso kwa uso badala ya kuikuta kwenye ankara.

Mkifika, anayeondoka azitaje ahadi hizo mbele ya mteja, kisha aulize, "Kuna nililosahau?" Akishauliza, anyamaze. Mara nyingi mteja ana la kuongeza. Mrithi aandike, na jioni ileile amtumie mteja alichoandika athibitishe. Mzigo unaofuata aushike mrithi, mwenzake akiwa bado ofisini wa kuulizwa.

Utajuaje kama mteja amekubali? Angalia nyaraka anamtumia nani. Nasi tulikuja kuona kwamba mteja anaweza kumsifia mrithi mezani, halafu hati ya shehena anaituma kwa namba ya zamani. Huyo bado hajahama. Anayeondoka asimjibu kuhusu mzigo. Amwambie, "Nimempa mwenzangu, anakupigia sasa hivi," na mrithi apige kweli.

Kama ameondoka kwa ugomvi, usimpeleke kwa mteja. Bosi aende mwenyewe siku hiyohiyo, na swali la ahadi amuulize mteja.

Sasa niambie, wateja wangapi wana mzigo njiani hivi sasa? Anza na hao kesho asubuhi, hata kama ndio wadogo kuliko wote.