Maswali na Majibu: Guru Asiyetaka Kupimwa

Dada yangu amempata guru. Kila nikiuliza jambo ananiambia mwenye imani hahoji. Je, ndivyo mafundisho ya Ubudha yanavyosema?

Sivyo. Katika Majjhima Nikaya, mkusanyo wa mahubiri marefu kiasi ya Buddha, hubiri la 47 linaitwa Vimamsaka, yaani mchunguzi. Humo Buddha anawaambia watawa kwamba asiyeweza kusoma moyo wa mwenzake ana haki ya kumchunguza mwalimu wake, na mwalimu anayechunguzwa hapo ni Buddha mwenyewe. Vyombo vya uchunguzi ni viwili, macho na masikio. Unatazama anachotenda, unasikiliza anachosema, kisha unaangalia kama vyote viwili ni safi, vichafu, au leo hivi na kesho vile.

Hubiri linaendelea kwa kuuliza kama wema wake ni wa siku nyingi au wa juzi, na kama tabia yake imebadilika tangu apate jina na wafuasi. Mwisho, mwanafunzi aende akamwulize mwalimu mwenyewe, uso kwa uso. Imani inayokuja baada ya hapo ndiyo inayoelezwa kuwa na sababu na kuota mizizi. Kwa hiyo dada yako amegeuza mpangilio: ameanza na kile ambacho kilitakiwa kuja mwisho.

Usimshambulie guru wake mbele yake, maana atalazimika kumtetea. Mwulize tu ni swali gani la mwisho alilomwuliza guru, na guru alilipokeaje.

Nimchunguze guru kwa muda gani, na nitazame nini hasa?

Walimu wa Kitibeti hupenda kutaja miaka 12. Wengi hawatasubiri kiasi hicho, nami sikusubiri, lakini tarakimu hiyo inakupa ujumbe: anayekutaka uape ndani ya wiki ya kwanza, tena ukiwa umetoka kufiwa au kuachika, anaziruka taratibu za mapokeo yake mwenyewe. Utenzi wa beti hamsini juu ya kumheshimu guru, unaohusishwa na mshairi wa kale wa Kihindi Ashvaghosha, ni miongoni mwa maandishi yanayodai utii mkubwa kabisa. Hata huo, mapema kabisa, unataka guru na mwanafunzi wapimane kwanza kabla ya kufungamana.

Cha kutazama si jinsi anavyokaa jukwaani, kwa kuwa jukwaani kila mtu ni mpole. Tazama anavyosema na dereva wake na anayempikia. Tazama kinachotokea mtu akimwambia, "Hapana, leo siwezi." Kisha watafute walioondoka. Kila jumuiya ina watu walioondoka. Kama wote walioondoka wanaelezwa kuwa wendawazimu, wasaliti au wenye mapepo, na waliobaki wanakatazwa kuwasalimia, jibu lako umeshalipata.

Guru wetu hutukana na mara nyingine hupiga. Wanafunzi wa zamani wanasema anavunja nafsi zetu, kama Marpa alivyomfanyia Milarepa. Nivumilie, au nina haki ya kukasirika?

Kisa hicho nimekisikia kikitumiwa mara nyingi mno, na karibu kila mara anayekitumia ndiye anayeshika fimbo au anayemlinda aliyeishika.

Kisa chenyewe kiko hivi. Milarepa aliishi Tibet katika karne ya 11. Alikuwa amewaua watu kwa uchawi ili kulipiza kisasi, na alikwenda kwa Marpa, aliyekuja kuwa guru wake, akiwa anajua hilo na linamsumbua. Marpa alimjengesha minara ya mawe, akamwamuru aibomoe, akamjengesha tena. Alimtukana na alimpiga pia, tusifiche. Ila simulizi tunayoisoma leo iliandikwa mwaka 1488, karne tatu na zaidi baada ya Milarepa kufa, ili kumtukuza. Hakuna mahali inaposema kila mwalimu afanye hivyo kwa kila mwanafunzi.

Sasa linganisha na jambo lililoandikwa katika wakati wetu. Sogyal Lakar, aliyejulikana kama Sogyal Rinpoche, alianzisha jumuiya ya Rigpa iliyokuwa na vituo katika nchi nyingi. Mwaka 1994 mwanamke mmoja alimshitaki huko California kwa unyanyasaji, na shauri likamalizwa nje ya mahakama. Aliendelea kufundisha kwa zaidi ya miaka 20. Mwaka 2016, kwenye kituo chake cha Ufaransa, alimpiga mtawa wa kike ngumi ya tumbo mbele ya umati uliokusanyika kumsikiliza. Julai 2017 wanafunzi wanane wa siku nyingi walimwandikia barua. Waliorodhesha ngumi, mateke, kuvutwa nywele na masikio, na kupigwa kwa kijiti cha kujikunia mgongo, kwa henga za mbao za kutundikia nguo na kwa simu. Waliandika pia juu ya wanawake aliowatumia kimwili na juu ya maisha ya anasa yaliyofichwa machoni pa waliokuwa wakitoa michango.

Aliachia uongozi mwezi uliofuata. Rigpa iliwapa mawakili wa London kazi ya kuchunguza, na ripoti ilipotoka mwaka 2018 ilithibitisha kwamba baadhi ya wanafunzi walitendewa ukatili mzito wa mwili, wa kingono na wa kihisia. Alifariki mwaka 2019.

Jambo ambalo ningependa ulishike katika ripoti hiyo halimhusu yeye peke yake. Ilisema pia kwamba baadhi ya viongozi wa juu walijua angalau sehemu ya mambo hayo na hawakuchukua hatua, na hivyo wengine wakabaki hatarini. Walijuaje na wakanyamaza? Walikuwa na lugha ya kulielezea. Hasira yake iliitwa huruma kali. Kipigo kiliitwa baraka. Aliyelia aliambiwa kilio chake ni nafsi inayopinga kufa. Lugha ya namna hiyo ikishaingia, hakuna tendo linaloweza kuhesabiwa kosa, maana kila tendo limeshapewa jina jema kabla halijatendwa.

Kwa hiyo, unapoambiwa juu ya Marpa, jiulize nani anafaidika na nani anapigwa. Je, guru wako huvunja nafsi ya mfadhili mkubwa aliyejenga ukumbi, au ya ofisa wa serikali aliyekuja kutembelea? Kama ukali wake unamwagikia tu wale wasio na pa kwenda, nao unaamka chai ikichelewa au mtu akisahau funguo, basi ni hasira ya kawaida ya mtu mwenye mamlaka. Kukasirika ni haki yako. Na kupigwa ni kosa la jinai, hata kama aliyepiga amevaa joho.

Guru amesema kinachotokea tukiwa wawili faraghani ni sehemu ya mafunzo ya juu, na nikimwambia mtu nitapoteza yote niliyoyapata.

Ndugu yangu, mwambie mtu leo. Awe mtu aliye nje ya jumuiya, asiyemtegemea guru kwa chakula, kazi wala heshima.

Siri ipo kweli katika njia za tantra, yaani mafunzo ya ndani ambayo mtu huingizwa na guru. Hufichwa mbinu ya tafakuri, mantra, yaani maneno matakatifu ya kurudiarudia, na maelezo ya ibada ambayo asiyeandaliwa angeyaelewa vibaya. Kilichotendewa mwili wako si mbinu ya mtu yeyote na hakimo katika siri hizo. Anayelipatia tendo lake ulinzi wa kiapo chako anajua kwamba likisikika halitasimama.

Andika tarehe, mahali na maneno yaliyosemwa, ungali unakumbuka. Usifute ujumbe wa simu, hata ule unaokutia aibu. Kisha zungumza na mwanasheria au polisi kabla ya kuzungumza na kamati ya jumuiya, kwa sababu kamati nyingi, hata zenye nia njema, huanza kwa kumwita guru na kumweleza ulichosema.

Na pesa? Nitajuaje kama mchango ni mchango?

Kwamba guru anapokea pesa si tatizo. Rajneesh, guru wa Kihindi, alikuwa na magari 93 ya Rolls-Royce na wafuasi wake waliyaona kwa macho yao, kwa hiyo wingi peke yake haukufungui macho. Uliza mambo mawili tu: nani huona vitabu vya hesabu, na je, asiyetoa hupata mafundisho yaleyale? Ukikopa ili kutoa na hakuna aliyekuzuia, hapo pana jambo.

Nilishakula kiapo cha samaya. Nimeambiwa nikiondoka nitazaliwa motoni. Naogopa kweli.

Hofu yako siichukulii kwa wepesi. Mtu aliyekaa miaka mingi akiamini jambo hilo hawezi kulitoa kichwani kwa hoja moja ya barua.

Samaya, kiapo kati ya guru na mwanafunzi wa tantra, ni kifungo cha pande mbili. Guru naye amefungwa nayo, na guru anayemdhuru mwanafunzi ameivunja kabla yako. Ule utenzi wa beti hamsini niliokwisha kuutaja, katika ubeti wa 24, unasema kwamba ukiamriwa jambo usiloweza kulitenda kwa haki, ujitoe kwa maneno ya adabu. Angalia ulivyo mfupi: hausemi usubiri ruhusa. Na mwaka 1993 Dalai Lama alipokutana Dharamsala, India, na walimu wa Ubudha kutoka nchi za Magharibi, barua waliyoitoa ilisema kwamba mwalimu anayekosa aelezwe kosa lake, na asipobadilika, huku ushahidi ukiwa wazi, wanafunzi wasisite kulitangaza.

Njia ya kuondoka ni nyepesi kuliko unavyotishwa. Huhitaji kikao cha kuaga. Vikao hivyo, nilivyovishuhudia, huwa na watu sita upande mmoja na mtu mmoja upande wa pili, na huishia kwa machozi na ahadi ya kukaa mwezi mmoja zaidi. Toa kwanza hati zako na akiba yako mahali walipo. Pata pa kulala. Ndipo uandike mistari miwili ya shukrani na kwaheri, au usiandike.

Niliondoka mwaka jana. Tatizo ni kwamba tafakuri aliyonifundisha ilinisaidia kweli. Niitupe nayo?

Hapana haja. Kuhesabu pumzi hakukuanza naye, na alichokufundisha kinaweza kuwa sahihi ingawa yeye alikuwa mwovu. Wengi huona ugumu hapo: wanadhani wakikubali kwamba mazoezi yalifaa wamemsafisha, au wakikubali kwamba aliwadhuru lazima waseme miaka yote ilikuwa bure.

Ila lipime kwa mwili wako. Kama mantra aliyokupa inakurudisha kwenye chumba chake, moyo unaenda mbio na mikono inatoka jasho, iweke kando hata kama ni ya kale na tukufu. Chukua zoezi lisilo na sauti yake ndani, kwa mfano kutembea polepole ukihesabu hatua, dakika 10 tu, macho yakiwa wazi. Ukitaka mwalimu mwingine baadaye, mwambie mapema kwamba ulitoka mahali pabaya, kisha tazama atauliza nini kwanza: kama uko salama sasa, au jina la guru uliyemwacha.