Tiketi zote zikiwa "haraka": ninavyoipanga orodha upya

Orodha ya kazi ikifika mahali kila tiketi, yaani kila ombi la kazi lililoandikwa humo, ina alama ya "haraka", alama hiyo haimwambii fundi lolote. Kinachoamua kazi ipi ianze ni nani kapiga simu mara nyingi zaidi. Nimesimamia timu za programu kwa miaka kadhaa, na nikikuta hali hii naanza kwa kuiondoa alama hiyo kwenye tiketi zote. Siku hiyo manung'uniko hayakosekani. Lakini ukibakiza chache "ambazo ni za haraka kweli", kila mtu atahakikisha yake imo, na hutakawia kurudi ulikotoka.

Kisha naweka namba mbili kwa kila kazi: thamani na juhudi. Thamani anaieleza mwombaji, juhudi wanaikadiria watakaoifanya, na hakuna anayeruhusiwa kugusa namba ya mwenzake. Ukimwachia mwombaji akadirie juhudi, kila kitu kitakuwa "kijambo kidogo tu."

Penye ugumu ni kwenye thamani. Ukimuuliza mtu kama kazi yake ni muhimu, jibu unalijua tayari. Mimi nauliza hivi: tukiiacha mwezi mzima, nani ataumia, na ataumiaje? Mmoja atasema papo hapo kwamba wateja wanakatwa pesa mara mbili. Mwingine atafikiri kidogo, kisha aseme mkurugenzi aliwahi kuiulizia. Majibu hayo mawili hayawezi kupata namba ileile, na mara nyingi mwombaji mwenyewe huliona hilo kabla hujamwambia.

Kipimo changu ni 1, 2, 3, 5, 8 na 13. Mapengo yanapanuka kwa makusudi, ili watu wasipoteze saa nzima kubishana kama kazi ni 6 au 7. Tunaanza kwa kutafuta kazi ndogo kuliko zote, tunaipa 1, halafu nyingine zote tunazilinganisha na hiyo. Namba hizi si siku wala saa. Zinasema tu kazi hii ni kubwa kuliko ile kwa kiasi gani.

Tuchukue mfumo wa malipo wenye tiketi nne, zote "haraka". Risiti haziwafikii baadhi ya wateja: thamani 8, juhudi 2. Ripoti mpya ya mauzo: thamani 3, juhudi 5. Kubadili rangi ya kitufe: thamani 1, juhudi 1. Kuhamia toleo jipya la hifadhidata: thamani 8, juhudi 13. Gawanya thamani kwa juhudi, unapata 4 kwa risiti, 0.6 kwa ripoti, 1 kwa kitufe, na takriban 0.6 kwa hifadhidata.

Risiti zinatangulia, na hapo hakuna ubishi. Ila tazama nafasi ya pili: ni kitufe! Hesabu hii ina upendeleo kwa vitu vidogo, na timu inayoifuata kibubusa itamaliza tiketi nyingi huku mfumo ukibaki vilevile. Kazi yenye thamani ya 1 mimi siipi nafasi juu hata kama ni ya dakika kumi. Inangoja siku fundi atakapokuwa anafanya kazi kwenye ukurasa huohuo.

Hifadhidata nayo imezama kwa sababu ya ukubwa wake. Hapa nawaomba mafundi waikate. Kipande cha kwanza kinaweza kuwa kujaribu kurejesha nakala ya data kwenye toleo jipya, pembeni, bila kugusa mfumo unaotumika. Hicho ni juhudi 2, na kinatuonyesha mapema yatakayovunjika. Nikikipa thamani ya 5 kwa sababu hiyo, kinapata 2.5 na kupanda hadi nafasi ya pili.

Halafu nauliza kuhusu tarehe. Tuseme toleo la zamani litaacha kupata marekebisho ya usalama baada ya miezi mitatu. Tarehe ya namna hiyo haiingizwi kwenye mgawanyo. Naihesabu kurudi nyuma kutoka siku yenyewe, naongeza muda wa kukwama, na vipande vilivyobaki vinapata wiki zao bila kujali namba zao. Tarehe aliyojitungia mwombaji haipewi heshima hiyo. Zote mbili nazitofautisha kwa swali moja: siku hiyo ikipita, kitatokea nini?

Tofauti ya 0.6 na 0.62 naipuuza, maana makadirio yenyewe hayana usahihi wa kiasi hicho. Kazi zikikaribiana hivyo, timu inachagua.

Baada ya hapo kila kazi ina nafasi yake peke yake: ya kwanza, ya pili, ya tatu, na hakuna mbili zinazokaa nafasi moja. Anayeleta jambo jipya la haraka namwonyesha zile tano za juu na kumwomba aniambie ipi ishuke, kisha aende mwenyewe kumweleza mwenye tiketi hiyo. Wengi huishia kusema yao inaweza kusubiri wiki ijayo.