Vita vya Majimaji kwenye daftari: wapi orodha, wapi mchoro, wapi aya

Hapa Lindi nasaidia vijana wa sekondari tuisheni ya historia, na daftari za muhtasari ninazoletewa karibu zote zinafanana: vitone kuanzia juu ya ukurasa hadi chini. Ukifungua somo la Majimaji utakuta hivi: kodi, kilimo cha pamba, ukatili wa maakida, imani ya maji. Mwenye daftari anaikariri kama orodha ya vitu vya sokoni, kisha swali linakuja na neno "eleza" naye hana cha kueleza.

Kitone hakina ubaya, ila kina mahali pake. Kipimo changu ni kubadilisha mpangilio. Chukua makabila yaliyoingia vitani: Wamatumbi, Wangindo, Wapogoro, Wambunga, Wangoni. Ukianza na Wangoni ukamalizia na Wamatumbi, bado umetaja makabila yaleyale; kama swali ni kutaja tu, orodha inatosha. Lakini swali likiwa vita vilisambaa vipi kutoka Umatumbi hadi Ungoni, mpangilio unaanza kuwa na maana, na hapo nachukua ramani nachora mishale.

Sasa rudi kwenye zile sababu nne. Zipange upya uone kama kuna kilichopotea. Kimepotea kingi, maana kila moja imeshika mkono wa mwenzake. Ningeziandika hivi:

"Serikali ya Wajerumani ilitaka mapato, ikadai kodi kwa fedha. Kuanzia 1902 ikaanzisha mashamba ya pamba ya pamoja, ambako watu walilazimishwa kulima kwa malipo madogo sana. Siku za kulima pamba zilikuwa siku za mashamba yao wenyewe, kwa hiyo chakula kikapungua. Waliosimamia kazi hiyo na kukusanya kodi walikuwa maakida na majumbe, ndiyo maana hasira ikawaangukia wao kwanza. Manung'uniko hayo yalikuwa ya kila kijiji kivyake mpaka Kinjikitile Ngwale, akiwa Ngarambe, alipowapa watu dawa ya maji na sababu ya kusimama pamoja. Julai 1905, huko Nandete, waling'oa pamba."

Angalia maneno "kwa hiyo", "ndiyo maana" na "mpaka". Hayo ndiyo jibu la swali, na ndiyo ambayo vitone huyafuta. Ukitaka kujua kama muhtasari wako umeyapoteza, funika sentensi zote isipokuwa mbili zinazofuatana, ujiulize ya kwanza ilizaaje ya pili. Ukikwama, irudishe kwenye aya.

Mchoro nauhifadhi kwa jambo ambalo macho yanalishika kabla ya maneno: nani yuko juu ya nani. Utawala wa Wajerumani ni mfano mzuri. Weka gavana juu, chini yake afisa wa wilaya, kisha akida, kisha jumbe, na mkulima chini kabisa. Chora mshale wa amri ukishuka na mshale wa kodi ukipanda, kila mmoja kwa kalamu ya rangi yake. Mwanafunzi anaona mwenyewe kwamba vyote viwili vinapita mikononi mwa akida na jumbe. Sharti ni moja: kila mshale uandikwe unabeba nini. Mishale mitupu ni mapambo, na wiki mbili baadaye hata aliyeichora hakumbuki ilimaanisha nini.

Jedwali linafaa pale unapouliza maswali yaleyale kwa vitu kadhaa. Kwa viongozi waliopinga Wajerumani kabla ya Majimaji, napanga hivi:

| | Makunganya | Machemba | Mkwawa |
|---|---|---|---|
| Eneo | Kilwa | Uwanda wa Makonde | Uhehe |
| Mwisho | Alinyongwa | Alikimbilia Msumbiji | Alijiua |
| Mwaka wa mwisho wake | 1895 | 1899 | 1898 |

Nilianza na maswali ya kushoto, ndipo nikajaza. Wengi huanza na majina, halafu wanamwandika mmoja silaha zake, mwingine ukoo wake, na nusu ya visanduku vinabaki vitupu. Visanduku vikiwa vitupu, au kimoja kikidai sentensi nne, ujue hicho si cha jedwali.

Tena jedwali halisemi kwa nini. Linaonyesha Machemba alikimbia na Makunganya akanyongwa, basi. Kwamba uwanda wa Makonde uko karibu na mto Ruvuma, na ng'ambo yake ni Msumbiji iliyokuwa chini ya Wareno, lazima uliandike kwa sentensi chini ya jedwali. Mimi huacha mistari mitatu mitupu hapo kwa ajili hiyo, na kijana akiniletea jedwali ambalo mistari hiyo haijaguswa, namrudishia daftari lake.